Muuaji akiuliza rafiki yako kajificha wapi, unaruhusiwa kumdanganya? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Swali hili huzuka barazani, kwenye darasa la maadili, hata baada ya mawaidha au mahubiri, na kila likizuka watu hugawanyika. Nimejibu hapa yale yanayorudi zaidi. Msimamo wangu nausema mapema: naamini kuna nyakati uongo huo ni wajibu, lakini ni chache kuliko tunavyodhani, na wenye msimamo mkali, wasioruhusu uongo wowote, wana mambo ya kutufundisha ambayo hatuna budi kuyasikiliza.

Swali lenyewe ni lipi hasa?

Rafiki yako anakimbia mtu anayetaka kumuua. Anaingia kwako, unamficha. Mwenye kumtafuta anafika mlangoni na kukuuliza: yumo humu? Huwezi kukwepa jibu. Je, ukisema "hayumo" umefanya kosa?

Limetajwa na watu wengi kwa karne nyingi, lakini sura yake iliyo maarufu ilitokana na ubishi wa mwaka 1797 kati ya watu wawili. Mmoja ni Benjamin Constant, kijana wa miaka 29 aliyekuwa Ufaransa, nchi ambayo miaka michache tu nyuma watu walikuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba na kupelekwa kukatwa vichwa. Aliandika kwamba wajibu wa kusema kweli, ukichukuliwa peke yake bila kikomo, ungefanya jamii isiwezekane, na akamtaja mwanafalsafa mmoja Mjerumani aliyefika umbali wa kusema ni kosa kumdanganya hata muuaji. Immanuel Kant, mzee wa miaka 73 wa mji wa Königsberg, akakubali kwamba aliwahi kusema hivyo, ingawa hakukumbuka wapi, kisha akaandika makala fupi ya kujitetea. Makala hiyo ndiyo inayobishaniwa mpaka leo.

Kant alikuwa mtu katili?

Hapana, na asiyeanza kwa kumwelewa hataweza kumjibu.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba mapatano yote ya watu, kuanzia mkopo wa jirani hadi hukumu ya mahakama, yanasimama juu ya kuaminika kwa kauli. Anayesema uongo, hata kwa nia njema, anapunguza nguvu ya kauli zote, kwa hiyo hamkosei muuaji peke yake bali anawakosea watu wote. Ndiyo maana Kant hakukubali kwamba kuna watu "wenye haki" ya kuambiwa kweli na wengine wasio nayo. Kwake kweli si mali ambayo mtu anamiliki na mwingine hana.

Hoja ya pili ni ya matokeo. Anasema: umemwambia muuaji rafiki hayumo, kumbe rafiki kweli ameshatoka kwa mlango mwingine bila wewe kujua. Muuaji anaondoka, anakutana naye njiani, anamuua. Hapo, kwa maoni ya Kant, unaweza kuhesabiwa kuwa umesababisha kifo hicho, kwa sababu matokeo ya uongo ni juu ya aliyeusema, hata yale ambayo hakuyatazamia. Ungesema kweli, pengine muuaji angekuwa anapekua nyumba huku majirani wanakusanyika na kumkamata.

Watu huicheka hoja hii ya pili. Nadhani wanafanya haraka, na sababu nitaionyesha kwa mfano wa kwetu.

Nipe mfano wa hapa Dar. Wauaji wa mlangoni tunawaona wapi?

Unawaona mara kwa mara, ila hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama kundi, na magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali.

Chukua nyumba ya kupanga Mburahati: vyumba vitatu kila upande, korido katikati, uani kuna choo cha pamoja na mlango mdogo wa bati unaotokea uchochoroni. Umekaa barazani unachambua mchele. Kijana unayemfahamu, mmekua naye mtaa huo, anaingia mbio kifua wazi, anakatiza korido na kujifungia chumbani kwako. Nusu dakika baadaye kundi linafika na mawe, mmoja kashika tairi. "Dada, kapita wapi huyo kibaka?"

Unajua kinachofuata wakimpata. Hujui kama kweli ameiba. Na wanaokuuliza si majambazi, ni fundi cherehani wa jirani, ni kijana wa bodaboda aliyekubeba jana. Kila mmoja anaamini anatenda haki. Lakini wameshika tairi, na watakalofanya ni kuua.

Una njia nne: kunyamaza, kukataa kujibu, kusema kweli inayowapoteza, na kusema uongo.

Kwa nini nisinyamaze tu? Kunyamaza si uongo.

Ni kweli, na wenye msimamo mkali wote wanairuhusu njia hiyo. Tomaso wa Akwino, mwanatheolojia wa Kikristo, alisema waziwazi kwamba si halali kusema uongo ili kumwokoa mtu na hatari, ila ni halali kuificha kweli kwa busara.

Tatizo ni kwamba kimya nacho kinasema. Kama kijana hakupita kwako, ungejibu papo hapo: "Sijaona mtu." Kila mtu kwenye kundi anajua hivyo. Ukinyamaza, au jicho lako likikimbilia koridoni, umeshajibu.

Kukataa kujibu kuna ugonjwa huo huo, lakini kuna dawa, na dawa yake lazima inywewe mapema. Kuna watu ambao mtaa mzima unajua hawatoi habari za mtu. Ukimuuliza fulani yupo, anakwambia "mimi mambo ya wapangaji wenzangu sisemi," awe yupo au hayupo, awe anadaiwa vikoba au anatafutwa na shemeji yake. Mtu wa namna hiyo akikataa siku ya hatari, kukataa kwake hakufichui kitu, kwa sababu ndivyo alivyo kila siku. Anayeanza kukataa siku hiyo hiyo amemtoa rafiki yake.

Kuna mtu aliyewahi kukataa kweli kweli na akafaulu?

Augustino, askofu na mwanatheolojia wa Kikristo, anamsimulia mmoja katika kitabu chake kuhusu uongo, alichoandika karibu mwaka 395. Firmo, askofu wa Tagaste, mji ulioko Algeria ya leo, alimficha mtu aliyekuwa akitafutwa na maofisa wa kaizari. Walipomuuliza, hakusema hayumo. Alisema hawezi kusema uongo wala kumsaliti mtu. Wakamtesa, akashikilia hapo hapo. Hatimaye alifikishwa kwa kaizari, na kaizari akastaajabia uthabiti wake hata akamsamehe yule mtu.

Nampenda Firmo kwa sababu anafuta dhana kwamba mwenye msimamo mkali ni mwoga anayemtoa rafiki ili roho yake ibaki safi. Firmo alibeba gharama mwilini mwake mwenyewe. Hata hivyo tazama kilichomwezesha: maofisa walikuwa na muda wa kumtesa na bosi wa kumpelekea. Kundi la Mburahati halina muda huo. Likikuona unakataa, litakusukuma kando na kufungua vyumba kimoja kimoja.

Kusema kweli inayowapoteza ni nini? Ndiyo tauria?

Ndiyo. Ni kusema maneno ambayo kwa maana uliyoikusudia ni kweli, huku msikilizaji akielewa vingine. Mfano ulio mzuri zaidi umo katika safari ya hijra. Mtume alikuwa akisakwa na Makureshi, na njiani watu waliomfahamu Abubakar walimuuliza: huyu uliye naye ni nani? Akajibu kwamba ni mtu anayemwongoza njia. Wao wakaelewa njia ya jangwani, yeye alikusudia njia ya kheri. Imepokewa na Bukhari.

Wakristo nao wana kisa cha Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliyekuwa ndani ya mashua mtoni Naili. Inasimuliwa kwamba waliokuwa wakimfukuza walikutana na mashua yake bila kumtambua, wakauliza kama Athanasio yuko mbali, wakajibiwa kwamba hayuko mbali, wakazidi kupiga makasia.

Ni njia nzuri ukiiweza. Pale barazani unaweza kuinuka, kusogea hatua moja na kusema, "Tangu nimesimama hapa sijaona mtu kupita." Lakini tauria inataka kichwa kilichotulia. Asiyeizoea hugugumia, na kugugumia kunamtoa rafiki kuliko kimya. Tena mpinzani mkali atauliza: kama nia yako ni msikilizaji aamini kisicho kweli, umepata faida gani kwa kusogea hatua moja? Kwangu swali hilo ni zito. Tauria inaulinda ulimi usizoee uongo, na hilo si dogo, lakini haibadilishi ulichomfanyia anayekuuliza.

Uislamu unasemaje kuhusu uongo wenyewe?

Wengi wanaijua hadithi ya Ummu Kulthum katika Sahihi Muslim inayotaja mambo matatu: vita, kusuluhisha watu, na mazungumzo ya mume na mke. Kisa chetu hakimo kwa jina, na ndipo Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoweka kipimo.

Anasema maneno ni njia ya kufikia makusudio. Kusudio jema likiweza kufikiwa kwa kweli, uongo ni haramu. Likiwa haliwezi kufikiwa ila kwa uongo, basi hukumu ya uongo inafuata hukumu ya kusudio: kama kusudio ni la halali tu, uongo unaruhusiwa, kama ni la wajibu, uongo unakuwa wajibu. Na mfano anaoutoa ni huu huu, mtu aliyejificha kumkimbia dhalimu anayetaka kumwaga damu yake. Imamu Nawawi aliufuata mpango huo katika Riyadhu Swalihina, akaongeza kwamba lililo salama zaidi ni kutumia tauria.

Kinachosahaulika ni onyo la Ghazali. Anasema mtu hujidanganya upesi kuhusu ukubwa wa faida, kwa hiyo ukiwa na shaka kama haja ni kubwa kweli, rudi kwenye kweli. Na jambo likiwa la maslahi yako mwenyewe, ni bora uache uongo hata kama utapata hasara. Likiwa ni haki ya mtu mwingine, huna ruhusa ya kuwa mkarimu kwa kitu kisicho chako. Roho ya kijana aliye chumbani mwako si yako kuitoa ili ulimi wako usiguswe.

Na Biblia? Rahabu alidanganya na akasifiwa.

Katika Yoshua sura ya 2, Rahabu aliwaficha wapelelezi darini chini ya mabua ya kitani, akawaambia watu wa mfalme kwamba wametoka wakati wa giza na hajui wamekwenda wapi. Katika Kutoka sura ya 1, wakunga Shifra na Pua walimdanganya Farao ili watoto wa kiume waishi, na Mungu akawatendea mema.

Augustino alijua aya hizo vizuri. Jibu lake ni kwamba walilipwa kwa huruma yao, si kwa uongo wao, na kwamba uongo wa namna hiyo unasamehewa lakini hausifiwi. Sababu yake ni nzito: mwili unakufa siku moja kwa vyovyote, lakini uongo unaijeruhi nafsi, na hakuna anayepaswa kuijeruhi nafsi yake kwa ajili ya mwili wa mwingine. Sikubaliani naye, kwa sababu naona kumtoa mtu auawe kunaijeruhi nafsi zaidi. Lakini nashukuru kwamba hakusema uongo wote una uzito mmoja.

Basi nikiamua kudanganya, niseme nini?

Hapa ndipo ile hoja ya Kant iliyochekwa inapokuwa na kazi. Watu wengi wakiwa na hofu huonyesha kidole: "Kakatiza huko, uchochoro wa pili!" Fikiria kilichoko uchochoro wa pili. Saa hiyo kuna kijana mwingine anayekimbilia daladala, kifua wazi kwa joto. Kundi likimkuta anakimbia, halitamuuliza jina. Au rafiki yako mwenyewe, aliposikia kelele, kafungua mlango wa bati wa uani na kutokea uchochoro huo huo. Umempelekea wauaji.

Kwa hiyo sema uongo mdogo kabisa unaotosha. "Sijaona mtu" unatosha. Usitaje njia, usitaje nyumba. Na usimtwike mtu mwingine kwa kusema "labda yuko kwa mama yake," maana hapo hujaondoa hatari, umeihamishia kwa mama wa watu, na hiyo si ruhusa ambayo Ghazali wala Constant aliitoa. Rahabu aliwaelekeza watu njiani, ni kweli, lakini waliokimbia walikuwa wangali darini mwake na baadaye akawaelekeza mlimani, kinyume cha wanakotafutwa. Alijua pande zote mbili. Wewe barazani hujui.

Kuhusu lawama, simfuati Kant. Ukisema "sijaona mtu" na mambo yakaharibika kwa njia ambayo hakuna mwenye akili angeitazamia, mwenye damu mikononi ni aliyeua. Lakini ukionyesha kidole mahali usipopajua, matokeo hayo yalitazamika, na sehemu yake ni yako.

Halafu kazi haijaisha. Kundi likipita, piga 112 au mtafute mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kijana atolewe akiwa salama.

Polisi wakija wakiniuliza, niendelee kudanganya?

Hapana. Uongo ule ulihalalishwa na tairi, si na urafiki. Polisi wakifika, kusudio linaweza kufikiwa kwa kweli, na kama ameiba, mahakama ipo. Isitoshe, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaitambua kosa la kumpa mtumishi wa umma taarifa ya uongo.

Muuaji akija na panga wazi, uongo si utamsaidia rafiki vilevile?

Mara nyingi hapana. Mwaka 1986 mwanafalsafa wa Marekani, Christine Korsgaard, aliitumia kanuni ya Kant mwenyewe kumjibu Kant. Kanuni hiyo inasema usitende jambo ambalo, kila mtu akilitenda, litashindikana. Mtu anaweza kudhani uongo kwa muuaji unashindwa mtihani huo: kama kila mtu angewadanganya wauaji, wauaji wasingemwamini mtu. Korsgaard akauliza: muuaji gani anakuja kuuliza? Ni yule anayedhani hujui kuwa yeye ni muuaji. Anaficha nia yake, na kwa kuificha anaendelea kuaminishwa hata kama kila mtu aliyemjua angemdanganya. Kwa hiyo kwa kanuni hiyo uongo kwake unapita. Korsgaard anaongeza kwamba kanuni nyingine ya Kant, ile ya kumheshimu kila mtu kama mwenye hiari yake, ni kali zaidi, na huo ndio mvutano uliopo ndani ya Kant mwenyewe.

Aliyekuja na panga wazi anajua unajua, na hatakuamini. Kwake kukataa au kupiga yowe kunafaa zaidi. Anayehitaji kudanganywa ni yule aliyekuja kwa adabu. Waliowinda watu wenye ualbino kanda ya ziwa hawakuja wote na mapanga. Mwingine angeweza kuja kama mgeni, akiuliza mtoto analala chumba gani.

Kuna mtu wa karibu yetu aliyefanya hivi?

Zura Karuhimbi, mjane mzee wa Ruhango, Rwanda. Mwaka 1994 aliwaficha Watutsi zaidi ya 100 kwa simulizi zilizopo, katika nyumba yake ndogo. Wanamgambo walipofika, hakuwaambia tu hawamo. Aliwatishia kwamba wakiingia mizimu itawashukia, akatikisa bangili ili zilie, akapaka mlangoni majani yanayowasha ngozi. Wakaogopa. Alitunukiwa medali na taifa lake mwaka 2006 na kufariki mwaka 2018. Kwa kipimo cha Augustino alidanganya. Kwa kipimo cha Ghazali alitekeleza wajibu. Mimi niko na Ghazali bila kusita.

Je, hoja hii hainipi ruhusa ya kumdanganya mwenye nyumba kuhusu kodi?

Haikupi. Mwenye nyumba hashiki tairi.

Watoto niwafundishe nini?

Usimfundishe mtoto kudanganya wageni. Mtoto wa miaka sita akiambiwa "sema baba hayupo," atasema "baba kasema hayupo." Mfundishe kukataa, na umfundishe jibu moja alitumie kwa kila mtu: "Siruhusiwi kusema, ngoja nimwite mama." Alitumie kwa fundi umeme, kwa mjomba asiyemjua, kwa muuza maji. Akishazoea, hata siku atakapoulizwa mdogo wake mwenye ualbino anasoma shule gani, jibu litatoka lile lile, kwa sauti ile ile, na aliyeuliza hatapata kitu cha kuondoka nacho.